Mwiba wa Pili wa Dokta Nungunungu

Hapo kale, lakini si kale sana, maana malori ya shaba yalikuwa yameshapanga foleni Tunduma na madereva wakisonga ugali chini ya matela, palikuwa na chuo cha wanyama kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, huko Mbozi. Chuo hicho kilijivunia mambo mawili.

La kwanza ni mihuri. Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na makao yake kuwekwa Vwawa, mihuri ya zamani ililazimika kuchongwa upya, na wakubwa wa chuo walipoonja utamu wa kugonga muhuri mpya hawakuacha tena. Mwanafunzi aliyeomba ruhusa ya kwenda kunywa maji mtoni alirudi na kiu yake ileile na karatasi yenye mihuri miwili.

La pili ni mahali walipohifadhi mitihani. Wengine huifungia kabatini. Wao waliiweka chini ya Kimondo. Jiwe lile la chuma lililoanguka kutoka angani lina uzito wa tani 16, na hata Tembo, baada ya kulisukuma mara moja mbele za watu, alisema mgongo unamsumbua akaenda zake. Aliyeweza kufika chini yake alikuwa mmoja tu: Dokta Nungunungu, mhadhiri wa somo la Mashimo, ambaye shimo lake mwenyewe lilipita huko.

Dokta hakuwa na kalamu ila miiba yake. Kila alipotunga mtihani aling'oa mwiba mmoja mgongoni, akauchovya kwenye wino, akaandika mpaka ncha ikaisha. Mtihani mmoja, mwiba mmoja. Jambo hili wanafunzi hawakulijua. Walidhani mitihani huota yenyewe chini ya Kimondo kama uyoga baada ya mvua.

Sasa katika chuo hicho alikuwako binti mmoja wa mwaka wa pili, Digidigi, mwepesi wa miguu kuliko wote. Akachaguliwa kwenda kwenye mbio za wanyama wa mpakani, Kapiri Mposhi, kule reli ya TAZARA inakokomea baada ya kutoka Dar es Salaam kilomita 1,860. Timu ingepandia treni Tunduma siku ya Jumanne na kurudi Jumapili.

Barua yake ya ruhusa ilitembea kuliko yeye. Ilianzia kwa Swala, mwalimu wa michezo, aliyegonga muhuri kwamba anajua kukimbia. Ikaenda kwa Mama Kanga, mlezi wa wanafunzi, aliyegonga kwamba ana tabia njema. Ikafika kwa Mzee Nyati, Mkuu wa Idara, aliyegonga bila kuisoma, kisha akaisoma na kugonga tena. Ikamalizikia kwa Kiboko, Mkuu wa Chuo, aliyekuwa ndani ya mto Momba na kuugonga muhuri chini ya maji, ndiyo maana wa kwake ulitoka na tope. Mihuri mitano. Chini kabisa pameandikwa: nakala, jaladani. Hakuna aliyepeleka nakala kwa Dokta Nungunungu, kwa kuwa kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ameshapeleka.

Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Jaribio la pili la somo la Mashimo lilipangwa Alhamisi saa tatu asubuhi, siku mbili baada ya treni kuondoka.

Nawe usidhani jaribio hilo lilikuwa dogo. Alama za somo zilikuwa mia: 60 za mtihani wa mwisho na 40 za kazi za muhula. Katika zile 40, jaribio la kwanza lilibeba 15, la pili 15, na kazi ya nyumbani 10. Asiyefikisha 16 kati ya 40 haruhusiwi kuingia mtihani wa mwisho. Digidigi alikuwa na 8 za jaribio la kwanza na 6 za kazi ya nyumbani. Jumla 14. Akikosa jaribio la pili, mbio atakazokimbia Kapiri Mposhi zitampeleka moja kwa moja kurudia mwaka.

Alikuwa na rafiki, Sungura, mwanafunzi wa mwaka wa pili kwa mwaka wa nne. Sungura akaichukua ile barua, akaitazama kwenye jua, akasema, "Shoga, huna haja ya kuomba. Nyati amegonga mara mbili. Nenda ukamwambie tu mzee akupe jaribio Jumatatu. Akikataa, muonyeshe tope la Kiboko."

Basi Jumatano, siku mbili baada ya kupata barua, Digidigi akaenda hadi mlangoni kwa Dokta.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, mwanangu."

"Dokta, wiki ya kesho kutwa sitakuwepo. Nimeruhusiwa. Kwa hiyo jaribio nitafanya Jumatatu."

Nungunungu hakusema neno kwanza. Aliichukua barua, akaisoma kuanzia muhuri wa kwanza hadi tope, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akamrudishia.

"Barua hii inasema uende," akasema. "Haijasema nitunge."

"Lakini Dokta, jaribio si limeshatungwa? Liko chini ya Kimondo."

"Lililoko chini ya Kimondo ni la Alhamisi. Nikikupa hilo Jumatatu, utalifanya, utalirudisha, lakini utaondoka na maswali yote kichwani. Nitakifungia wapi kichwa chako mpaka Alhamisi?"

Digidigi akaona kama anatukanwa. "Mimi si mwizi, Dokta. Sitamwambia mtu."

"Najua. Na Ngiri naye hakuwa mwizi."

Akamsimulia. Mwaka uliotangulia Ngiri alikuwa na safari ya Ileje, akapewa jaribio lilelile siku moja kabla ya wenzake. Aliapa kwa Kimondo kwamba hatasema, na kweli hakusema swali hata moja. Jioni ile mwenzake wa chumbani alimuuliza tu, "Lilikuwa gumu?" Ngiri akajibu, "Hapana, bora hata mashimo ya mchwa hayakuulizwa." Basi. Kwa sentensi hiyo moja darasa zima lilifunga daftari la mchwa, ambalo ni nusu ya somo, likakesha na nusu iliyobaki. Siku ya matokeo Dokta aliona ajabu: swali la tano, ambalo kila mwaka huwashinda wote, lilipatwa na karibu kila mnyama, na daftari la mchwa lililotakiwa kwa mtihani wa mwisho halikuwa limefunguliwa na hata mmoja. Mtihani haukuvuja kwa kilichosemwa kwamba kimo. Ulivuja kwa kilichosemwa kwamba hakimo.

"Kwa nini usilifanye ukirudi?" Dokta akauliza. "Kanuni ya 14 iko wazi. Aliyekosa kwa ugonjwa, msiba au sababu nyingine iliyokubaliwa, atafanya jaribio maalumu baadaye."

"Narudi Jumapili, Dokta. Alama zinabandikwa Ijumaa, na mtihani wa mwisho unaanza Jumatatu. Hakuna baadaye."

Nungunungu akanyamaza, maana hilo lilikuwa kweli. Kanuni ya 14, kama kanuni nyingi za vyuo tuvijuavyo, ilitungwa kwa kumfikiria mgonjwa na mfiwa. Homa haitoi taarifa wiki mbili kabla, wala kifo hakiombi ruhusa kwa Mama Kanga, kwa hiyo waandishi wa kanuni waliona nafasi moja tu ya kumsaidia mtu, nayo ni baadaye. Msafiri hawakumfikiria. Msafiri ndiye pekee anayejua mapema kwamba hatakuwepo, na ndiye pekee ambaye kanuni haina la kumwambia.

"Nitalipeleka kwenye kikao," Dokta akasema.

Kikao kikakaa Ijumaa chini ya mbuni kwenye shamba la kahawa. Mzee Nyati alifungua kwa kusema haraka haraka haina baraka. Kasuku, katibu wa wanafunzi, akajibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Saa nzima ikapita wajumbe wakibishana ni methali ipi kati ya hizo iliyomo kwenye kanuni za chuo, hadi Mzee Kobe, mhadhiri wa somo la Magamba, alipoomba waangalie, na haikuonekana hata moja.

Fisi akasema apewe jaribio lilelile, ila aape mara tatu badala ya mara moja. Ngedere akasema asipewe jaribio lolote. Alama za jaribio la kwanza zihesabiwe mara mbili. Dokta akapiga hesabu pale pale: 8 mara mbili ni 16, na 6 ni 22, binti atavuka. Lakini jaribio la kwanza lilihusu milango tu. Vyumba, maji na hewa vyote vimo kwenye la pili. Chuo kingekuwa kimempitisha mchimba mashimo anayejua kuingia asijue kutoka. Na kesho angekuja mwenye 14 katika jaribio la kwanza, akatafuta safari yoyote ile ili asifanye la pili.

Ndipo Kunguru akasimama. Kunguru alikuwa anajulikana kwa akili, kwa sababu alikuwa amevaa koti jeupe.

"Waheshimiwa," akasema, "tatizo letu ni neno mapema. Tulifute. Binti asifanye mapema wala baadaye, afanye saa ileile. Treni tuiache. Timu itangulie, yeye abaki nyuma hapo Nakonde, ng'ambo ya mpaka, hatua chache kutoka Tunduma. Tumtume msimamizi na bahasha iliyofungwa. Huku Alhamisi saa tatu asubuhi, na kule Alhamisi saa tatu asubuhi. Akimaliza apande lori awafuate wenzake."

Kikao kikapiga makofi. Nyati akanyoosha mkono kutafuta muhuri.

"Saa tatu ya nani?" akauliza Mzee Kobe.

Wakamtazama.

"Tunduma na Nakonde zimetenganishwa na barabara," Kobe akasema, "lakini saa zao hazilingani. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Sisi tukiwa saa tatu, wao ni saa mbili. Wao wakifika saa tatu, sisi ni saa nne. Jaribio letu ni la muda gani?"

"Saa moja," Dokta akajibu.

"Basi wa huku wataanza saa tatu na kutoka saa nne. Dakika hiyohiyo, kule Nakonde, binti ndiyo kwanza anafunguliwa bahasha. Mnataka kuondoa hatari ya binti kuwaambia darasa; mmeibadilisha ikawa hatari ya darasa kumwambia binti. Na ili zilingane kweli, lazima bahasha iandikwe saa mbili kwa Nakonde. Nani kati yenu ataliandika hilo bila kukosea, wakati humu ndani hatujakubaliana kikao hiki kilianza saa ngapi?"

Muhuri wa Nyati ukarudi mfukoni. Kikao kiliahirishwa hadi kikao kijacho, ambacho kingefanyika baada ya mbio, baada ya jaribio na baada ya mtihani wa mwisho.

Walipotawanyika, Digidigi alikuwa nyuma ya mbuni akilia. Mzee Kobe alimkuta hapo, kwa sababu Kobe huwa wa mwisho kuondoka kwenye kila kikao, hata anapowahi kuinuka.

"Usilie, mjukuu wangu. Ulimwomba nini Dokta?"

"Ruhusa, babu."

"Ruhusa unayo, yenye mihuri mitano. Yule hawezi kukupa ruhusa, kwa sababu hana muhuri. Alicho nacho ni mwiba. Mwombe mwiba."

Akamweleza kuhusu miiba. Digidigi hakuwa ameambiwa na mtu. Alikuwa amekwenda kwa Dokta akidhani anaomba tarehe, kumbe anaomba kazi: mzee aketi usiku, ang'oe mwiba wa pili, atunge maswali mengine yenye uzito uleule, ayatafutie majibu, ayapangie alama, atafute msimamizi wa mtu mmoja na chumba cha mtu mmoja. Yote hayo kwa muhula ambao halipwi senti zaidi.

Jumatatu, wiki moja na siku moja kabla ya treni, Digidigi alipeleka barua aliyoandika mwenyewe, haina muhuri hata mmoja. Iliandikwa hivi:

"Dokta, shikamoo. Mimi ni Digidigi wa mwaka wa pili, somo la Mashimo. Chuo kimeniruhusu kusafiri na timu ya mbio kwenda Kapiri Mposhi kuanzia Jumanne ijayo hadi Jumapili. Barua ya ruhusa nimeiambatisha. Jaribio la pili limepangwa Alhamisi ya wiki hiyo, saa tatu asubuhi, nami sitakuwepo. Nikirudi alama zitakuwa zimeshabandikwa na kesho yake mtihani wa mwisho unaanza, kwa hiyo jaribio maalumu la baadaye sioni litakapoingia. Naomba, kama itawezekana, nilifanye kabla ya safari. Jumamosi na Jumatatu niko huru kutwa. Saa utakayoipanga nitaifuata. Naelewa kwamba itakubidi utunge jaribio jingine, nami nakubali liwe tofauti na la wenzangu. Ikiwa haiwezekani, naomba nijulishwe kufikia Alhamisi hii, ili mwalimu wa michezo apate nafasi ya kuchagua mkimbiaji mwingine. Nakala: Mkuu wa Idara."

Nungunungu aliisoma mara mbili. Kwenye ile barua ya mihuri mitano hapakuwa na tarehe ya jaribio, wala sababu ya kutongoja, wala nafasi ya yeye kukataa. Hapa vyote vitatu vilikuwemo, na hicho cha mwisho ndicho kilichomgusa zaidi. Anayeachiwa mlango wa kukataa hukubali kwa moyo mweupe. Anayeonyeshwa tope la Kiboko hukubali kwa miiba iliyosimama.

Usiku ule aling'oa mwiba wa pili.

Alichukua jaribio la Alhamisi akaliita la kwanza, akaandika la pili kando yake, swali kwa swali. Pale la kwanza lilipouliza vyumba, la pili liliuliza vyumba. Alama 3 kwa 3, alama 4 kwa 4. Alichobadilisha ni tarakimu na mahali. La kwanza lilisema: mvua inaingiza ndoo 4 za maji kila dakika katika shimo linalobeba ndoo 60, litajaa kwa dakika ngapi? Jibu ni 15. La pili likasema: ndoo 5 kila dakika, shimo la ndoo 90. Jibu 18. Hesabu ni ileile, lakini aliyekariri jibu la moja hawezi kulitumia kwa jingine.

Kisha akampelekea Mzee Kobe yote mawili. Mtunzi haoni uzito wa maswali aliyoyatunga mwenyewe, kwa sababu majibu ameshayajua. Kobe aliyafanya yote mawili kama mwanafunzi, akarudi baada ya siku mbili.

"Yanalingana," akasema, "isipokuwa swali la nne. Katika la kwanza umewaambia wachore njia ya hewa. Katika la pili umewachorea wewe, wao waandike majina tu. Huyu mmoja atapata alama 4 kwa kazi ya alama 2."

Dokta akaufuta mchoro. Alhamisi akamjibu Digidigi: Jumatatu, saa nne asubuhi, chumba cha Mzee Kobe, njoo na kitambulisho.

Jumatatu ikafika. Digidigi alisaini jina lake na saa aliyoingia, akafanya kwa saa moja kamili, Kobe akiwa mbele yake. Alipomaliza alirudisha karatasi ya maswali, karatasi ya majibu, na hata kile kipande alichofanyia hesabu za pembeni. Kobe akaweka vyote kwenye bahasha, akaifunga, wakasaini wote wawili juu ya gundi. Bahasha ikashuka chini ya Kimondo kungoja Alhamisi, isahihishwe pamoja na za wenzake, swali moja moja kwa wote, ili mkono uliompima yeye uwe ndio uliowapima wengine.

Digidigi hakumwambia mtu neno. Ila usiku ule, usiku wa kuamkia safari, aliota. Na mwenzake wa chumbani alikuwa Kasuku.

Kasuku hakuwa na nia mbaya; alisikia tu na kurudia, ndiyo kazi ya kasuku. Kulipopambazuka Sungura alikuwa ameshajua kwamba mvua inajaza shimo kwa dakika 18. Digidigi alipokuwa kwenye kituo cha Tunduma anapanda treni, Sungura alikuwa nyuma ya jiko la chuo anauza dakika 18 kwa bakuli la karanga kwa kila mnunuzi.

Alhamisi saa tatu darasa likaingia. Wanyama ishirini na mmoja walifika kwenye swali la shimo la ndoo 60 na ndoo 4 kwa dakika, na bila kugawanya chochote wakaandika 18. Ngedere, aliyekuwa amelipa mabakuli mawili, alipigia mstari.

Nungunungu alipokuwa akisahihisha aliikuta 18 ya kwanza akadhani mnyama kakosea hesabu. Ya pili akadhani wamekaa jirani. Ilipofika ya nane akaweka karatasi chini. Kosa la kweli lina sura nyingi: mmoja ataandika 240 kwa kuzidisha, mwingine 56 kwa kutoa, mwingine 14 kwa kuteleza. Kosa lenye sura moja katika vinywa ishirini na kimoja halikutokana na hesabu, na jibu sahihi la jaribio ambalo darasa halikupewa lilijieleza lenyewe. Wote ishirini na mmoja wakaitwa. Sungura alijitetea kwamba yeye hakuiba mtihani, kwa kuwa aliouza haukuwa wa darasa lile. Hiyo ilikuwa kweli, na ndiyo iliyowakasirisha walionunua. Walidai karanga zao mbele ya kikao.

Digidigi alirudi Jumapili. Kwenye mbio alikuwa wa nne. Kwenye jaribio alipata 9 kati ya 15. Jumla yake ikawa 23, akaingia mtihani wa mwisho.

Hekaya ingeishia hapo, lakini chuo hakikuishia hapo. Muhula uliofuata Dokta Nungunungu aliamka akakuta foleni mlangoni inayofanana na ile ya malori. Fisi ana ruhusa ya kwenda msibani Momba, msiba ambao haujatokea lakini anautarajia. Ngedere ana harusi ya dada yake Mlowo, dada ambaye aliolewa mwaka juzi. Nguchiro ana safari ya kwenda kuona ziwa Rukwa kama bado lipo. Wote wana mihuri, mmoja wao umechongwa kwa kiazi. Dokta akahesabu miiba iliyobaki mgongoni, akahesabu foleni, akaingia ndani.

Akaenda kwa Mzee Kobe. Wakakubaliana mambo mawili, wakayapeleka kikaoni. La kwanza: mwiba wa pili ni kwa aliyetumwa na chuo chenyewe, au kwa safari iliyojulikana na kuthibitishwa, na ombi lifike si chini ya siku saba kabla ya kuondoka. Msiba na homa vibaki kwa Kanuni ya 14, baadaye. Na wasafiri wote wa wiki moja wafanye jaribio moja, siku moja, ili mwiba mmoja utoshe wengi.

La pili Kobe alilitolea mfano wa Tunduma yenyewe. "Zamani," akasema, "msafiri aligongewa kutoka upande mmoja wa mpaka, kisha akavuka na kupanga foleni upya upande wa pili. Tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa mwaka 2019, maofisa wa Tanzania na wa Zambia hukaa chini ya paa moja, na msafiri husimama mara moja. Sisi binti yetu alipitia kwa wakubwa wanne akagongewa mihuri mitano, na hakuna meza iliyokuwa na ratiba ya majaribio. Wekeni mstari mmoja kwenye fomu ya safari: je, siku hizo ana jaribio, na mhadhiri wake amesaini? Mstari huo uwe wa kwanza, kabla ya mihuri yote. Chuo kikishamruhusu mtu aende bila kuuliza, mzigo wa kuuliza kinawaachia wawili wasio na muhuri: mwanafunzi na mwalimu wake."

Kikao kilikubali kwa kauli moja. Mstari ukaongezwa. Ila wajumbe walikumbuka kwamba sehemu ya juu ya fomu imetengwa kwa ajili ya nembo, na ya kati kwa ajili ya mihuri, kwa hiyo mstari ukachapwa nyuma ya karatasi, chini, kwa herufi ndogo, baada ya maneno mwisho wa fomu.

Mwaka uliofuata Digidigi alichaguliwa tena. Alichukua fomu, akaigeuza nyuma, akaenda kwanza kwa Dokta Nungunungu, akapata sahihi na siku ya jaribio. Ndipo alipoipeleka kwa Mzee Nyati. Nyati aliitazama fomu isiyo na muhuri hata mmoja lakini yenye sahihi ya mhadhiri, akakunja uso.

"Binti, mbona umeanzia mwisho?"

"Samahani, mzee," Digidigi akajibu. "Mihuri haiishi. Miiba inaisha."